Uzi: Mzabuni kaleta cheti cha ISO 9001. Nitajuaje kama aliyekitoa ana ithibati ya kweli au anauza karatasi?

NeemaManunuzi
Wakuu, salaam. Nipo kitengo cha manunuzi, nahakiki nyaraka za mzabuni anayetengeneza makabati ya umeme na fremu za chuma. Ana wafanyakazi 60 hivi. Kaleta vyeti viwili, ISO 9001 ya ubora na ISO 45001 ya usalama na afya kazini, vyote vya mtoa cheti mmoja. Vimepigwa muhuri wa dhahabu, vina QR na nembo tatu chini.

Nimeskani QR, imenifungulia ukurasa wa kijani unaosema cheti ni halali. Nikabonyeza nembo ya anayedaiwa kumpa ithibati huyo mtoa cheti, nikafika kwenye tovuti yake, na jina la mtoa cheti limo kwenye orodha. Kila nilipogusa pamekubali.

Kinachonikosesha raha ni kwamba mzabuni mwenyewe alijisifu kwenye simu kuwa mkaguzi alikuja siku moja, akamaliza vyote viwili, na vyeti vikatoka wiki hiyo hiyo. Bosi anasema nipitishe, mradi QR inafunguka. Nishike wapi?

ChumaChakavu
Rahisi tu. Angalia kama hiyo kampuni iliyotoa cheti imesajiliwa kwa msajili wa makampuni, halafu ingia tovuti ya ISO utafute jina lao. Kama ISO hawawatambui, matapeli. Imeisha hiyo.

MkaguziMkongwe
ChumaChakavu, ndugu yangu, hapo utampoteza dada wa watu. ISO kazi yao ni kuandika viwango basi. Hawakagui, hawatoi vyeti, na hawampi mtoa cheti yeyote ithibati. Ukitafuta jina kwenye tovuti yao humkuti aliye halali wala tapeli, kwa hiyo hujajua kitu. Tena nembo yenyewe ya ISO hawaruhusu itumike kwenye vyeti. Ukiiona imebandikwa hapo, au ukisoma "tumeidhinishwa na ISO", simama papo hapo.

Usajili wa kampuni nao unakuambia tu kwamba kampuni ipo. Na kampuni ya kuuza karatasi husajiliwa kama kampuni nyingine.

Neema, ulichofanya ndicho wafanyacho wengi, na hao jamaa wanakijua. Umeanzia kwenye cheti ukawa unapanda: QR, kisha nembo, kisha orodha. Milango yote hiyo kaitengeneza mtoa cheti mwenyewe. Lazima ikubali.

Geuza safari, anzia juu ushuke. Mtoa cheti wa kweli anakaguliwa na mtoa ithibati, ambaye huingia ofisini kwake, husoma mafaili yake, na humfuata wakaguzi wake hadi kwa wateja kuwaangalia wakifanya kazi. Huyo mtoa ithibati naye hukaguliwa na watoa ithibati wenzake wa nchi nyingine kwa kiwango kinachoitwa ISO/IEC 17011. Akifaulu anasaini makubaliano ya kutambuana yaliyokuwa yakisimamiwa na IAF, umoja wa kimataifa wa watoa ithibati, ambao tangu Januari 2026 umeungana na ILAC wa upande wa maabara kuwa Global Accreditation Cooperation Incorporated; hapa tutaendelea kuiita IAF kwa mazoea. Orodha ya waliosaini iko wazi kwa kila mtu. Hapo ndipo pa kuanzia, na anwani uiandike mwenyewe kwenye kivinjari. Usibonyeze kiungo chochote kilichotoka kwenye cheti.

Tuambie: huyo mtoa ithibati wa kwenye nembo yumo kwenye orodha ya waliosaini?

NeemaManunuzi
Asante sana, mzee. Nimeingia. Hayumo. Jina lake lina "kimataifa", "bodi" na "ithibati", linafanana kabisa na wawili waliomo ila maneno yamepangwa vingine. Nusura nimpitishe kwa kufanana huko.

Ila kwenye tovuti yake ameandika "tunafuata ISO/IEC 17011" na "mwanachama wa jukwaa la kimataifa". Hilo halihesabiki?

MkaguziMkongwe
Kufuata ni neno lake yeye juu yake mwenyewe. Mimi pia naweza kusema nafuata sheria za mpira, hilo halinifanyi mwamuzi wa kimataifa. Uliza nani alikwenda kumpima, na ripoti iko kwa nani. Na hilo "jukwaa" ukilifuatilia, usishangae ukikuta lina wanachama wanne na wote wana ukurasa wa aina moja.

Huu ndio mchezo mkubwa siku hizi. Zamani aliyeuza vyeti hakujisumbua na ithibati. Watu wakazoea kuuliza "una ithibati?", basi wakafungua kampuni ya pili inayompa ithibati ile ya kwanza. Swali linajibiwa ndiyo, na orodha ipo. Ndiyo maana swali la "una ithibati?" halitoshi tena. Uliza: nani kakupa, na yeye nani kampima?

root_mdogo
Sijui ISO ila najua tovuti. Dada Neema, fungua terminal, piga hii kwa tovuti zote mbili, ya mtoa cheti na ya mtoa ithibati:

```
whois mfano.org
```

Weka jina halisi pale kwenye mfano.org. Soma mstari wa `Creation Date` na ile ya `Name Server`, ulinganishe.

NeemaManunuzi
root_mdogo Mungu akubariki. Zimesajiliwa zikipishana siku mbili, msajili mmoja, seva zile zile. Na mtoa ithibati anasema kwenye ukurasa wake ana "uzoefu wa miongo miwili" ilhali tovuti haijatimiza hata miaka mitatu.

root_mdogo
Hapo umewashika. Ila msiigeuze kuwa kipimo cha kudumu. Kampuni halali nazo huhama tovuti, na wengi huficha taarifa zao za usajili. Zikifanana, una sababu ya kuuliza maswali. Zisipofanana hujathibitisha chochote.

MkaguziMkongwe
Kijana kasema sawasawa. Kinachokata shauri ni ile orodha ya IAF, hayo mengine ni ya kuongezea.

Sasa turudi kwenye ile siku moja, maana hapo kuna hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuipiga bila kumwamini mtu. IAF ina waraka unaoitwa MD 5 wenye jedwali la muda wa ukaguzi. Kwa ISO 9001, kampuni ya watu 46 hadi 65 huanzia siku 5 za mkaguzi kwa ukaguzi wa mwanzo, hatua ya kwanza ya kupitia nyaraka na utayari, na ya pili ya kukagua kazi yenyewe, zikiwa pamoja. Siku ya mkaguzi ni saa 8, kwa hiyo huwezi kumfanyisha kazi saa 16 kwa siku moja ukaiita siku mbili. Kazi ikiwa nyepesi muda hupunguzwa, ila mwisho wa kupunguza ni asilimia 30. Yaani mzabuni wako, hata kwa huruma zote, hashuki chini ya siku 3 na nusu. Tena hiyo ni ISO 9001 peke yake. 45001 ina hesabu yake, na karakana ya kukata na kuchomelea chuma haihesabiwi kuwa kazi ya hatari ndogo.

Viwango viwili vikikaguliwa pamoja muda hupungua kidogo kwa sababu baadhi ya mambo yanaingiliana. Lakini mkaguzi mmoja, siku moja, viwango viwili, watu 60? Hesabu hiyo haiji kwa namna yoyote.

Angalizo moja: ni siku za mkaguzi, si siku za kalenda. Wakaguzi wawili wakikaa siku mbili ni siku nne. Kwa hiyo kabla hujamhukumu mtu, muulize walikuja wangapi.

NeemaManunuzi
Mmoja. Nilimuuliza tena leo asubuhi. Na hatua ya kwanza haikuwepo kabisa. Alikuja, akapiga picha, akala chakula cha mchana na mkurugenzi, akaondoka. Miongozo yote ya ubora alikuja nayo yeye kwenye flashi, wakabadilisha jina la kampuni.

HalimaUbora
Hiyo ya flashi ndiyo mbaya kuliko zote! Mtoa cheti mwenye ithibati haruhusiwi kumtengenezea mteja mfumo halafu akaukagua. ISO/IEC 17021-1, ambacho ndicho kiwango anachopimwa nacho mtoa cheti, kinakataza kabisa. Na uamuzi wa kutoa cheti haufanywi na yule aliyekuja kukagua, faili lazima lipitiwe na mtu mwingine. Ukiona mtu mmoja kaandika mfumo, kakagua na kasaini, hapo hakuna ukaguzi uliofanyika.

msaka_ajira
Samahani wakuu, na mimi nina shida kama hiyo. Nilisoma kozi ya mkaguzi kiongozi ya siku 5 mtandaoni, nikapewa cheti kina nembo ya ISO 9001 na maneno "imetambuliwa kimataifa". Kila nikiomba kazi hawanijibu. Je, cheti changu ni feki? Nikitafute kwenye hiyo orodha ya IAF?

MkaguziMkongwe
Mdogo wangu, hilo ni jambo jingine. Uzi huu ni wa vyeti vya makampuni. Chako ni cheti cha kuhudhuria mafunzo, hutakikuta kule. Kwenye kozi, uliza nani aliiidhinisha hiyo kozi, kwa mfano CQI IRCA wana orodha ya kozi walizoziidhinisha, kisha utafute jina la aliyekufundisha huko huko kwao. Na hata ikiwa halali, kozi ni mwanzo tu, waajiri wanataka saa za ukaguzi uliokwisha fanya. Fungua uzi wako nitakuja.

msaka_ajira
Nashukuru mkuu. Ila kwa hiyo ni feki au si feki?

HalimaUbora
😂 Fungua uzi, kaka.

Neema, nikuongezee mtego mwingine, maana wewe umekutana na ule wa wazi. Uliotupata sisi ulikuwa na watu halali mwanzo mwisho. Mtoa ithibati halali, yumo kwenye orodha. Mtoa cheti halali, jina kubwa. Mzabuni wa usafirishaji kaleta vyeti viwili vya karatasi moja, rangi moja, saini moja. Nikaviweka sambamba mezani. Kile cha 9001 kina alama ya mtoa ithibati yenye namba chini yake. Cha 45001, mahali pale pale, hakuna alama, kuna nembo ya mtoa cheti mwenyewe imerudiwa kwa ukubwa mdogo. Ukipitisha macho haraka huoni.

Nikaenda kwa mtoa ithibati, nikafungua jedwali la ithibati la yule mtoa cheti. Ana 9001, ana 14001 ya mazingira, hana 45001. Yaani kile cheti cha pili alikitoa nje ya ithibati. Hakudanganya popote kwa maandishi, aliacha tu mtu adhani.

Kwa hiyo ukishashuka kutoka juu ukampata mtoa cheti, usiishie kwenye jina. Fungua jedwali lake usome vitu vitatu: kiwango chenyewe kimo, aina ya kazi imo, na hali yake ni hai, haijasimamishwa. Aina za kazi zina namba za IAF. Wa kwako, wa bidhaa za chuma, ni namba 17. Mtoa cheti anaweza kuwa na ujenzi, ambao ni 28, na asiwe na 17. Akimkagua mtu wa 17, ithibati yake haimfuniki hapo.

NeemaManunuzi
Dada Halima hiyo namba ningeijulia wapi! Swali: na mtoa ithibati naye anaweza kuwa na mipaka?

HalimaUbora
Tena sana. Wapo waliosaini kwa upande wa maabara tu, huko kwenye ILAC, au kwa vyeti vya bidhaa, na hawajasaini kwa mifumo ya menejimenti. Kwenye orodha ya IAF bonyeza jina lake, itakuonyesha amesaini kwa nini. Unatafuta mifumo ya menejimenti, na humo ndani 9001 au 45001 yenyewe.

ChumaChakavu
Sawa nimekubali la ISO. Lakini si kila nchi ina mtoa ithibati mmoja wa serikali? Si mngeangalia hilo tu? Wakiwa wawili, mmoja tapeli.

MkaguziMkongwe
Nusu umepatia. Umoja wa Ulaya ni hivyo, kanuni yao namba 765 ya 2008 inataka kila nchi mwanachama iwe na mmoja tu. Kwa hiyo mtu akisema yeye ni mtoa ithibati wa pili wa Ujerumani wakati DAkkS yupo, kajimaliza mwenyewe. Lakini Marekani wapo zaidi ya mmoja na wamesaini kihalali. Wapo pia wanaohudumia nchi kadhaa kwa pamoja, kama SADCAS. Idadi haikupi jibu, orodha ndiyo inayokupa.

KarakanaYangu
Niwasemee wadogo kidogo. Nina karakana ya watu 9. Cheti changu cha 9001 hakina ithibati na sijamdanganya mtu. Aliyenikagua alikaa siku mbili, akanipekua mpaka nikachukia, akaniandikia dosari saba nikazirekebisha. Bei ya wenye ithibati nisingeiweza mwaka ule. Mnavyoongea hapa kama kila asiye na ithibati ni mwizi, mnatuumiza.

Na hao wenye ithibati, nimeona mkaguzi wao kwa jirani yangu akimaliza kazi kwenye kiti cha mapokezi.

MkaguziMkongwe
Nakuheshimu, na hujakosea. Ithibati mahali pengi ni hiari, na mtu kukagua bila hiyo si kosa. Siku mbili kwa watu 9 ni hesabu ile ile ya jedwali, huyo alijua anachofanya. Tofauti yangu mimi ni hii: wako alikuambia hana. Wa Neema kamtengenezea mtoa ithibati wa bandia. Huyo wa pili hakukosa ithibati kwa bahati mbaya, alijua mnunuzi anaitaka.

Lakini mnunuzi naye ana haki yake. Wewe ulimwona mkaguzi wako akikupekua, yeye hakumwona. Anachobaki nacho ni kujua kama kuna mtu wa tatu aliyemwangalia.

KarakanaYangu
Na yule wa kiti cha mapokezi, nani alimwangalia?

HalimaUbora
Hapo ana hoja. Ithibati haifuti mkaguzi mvivu. Faida yake ni kwamba kuna mahali pa kulalamika: kwanza kwa mtoa cheti, ukikwama kwa mtoa ithibati, na wote wanalazimika kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Kama wanaushughulikia ipasavyo, mimi nimeona mara nyingine ndiyo, mara nyingine hapana.

KarakanaYangu
Basi tumekubaliana nusu nusu.

pita_njia
Kuna dalili nyingine ya haraka hamjaitaja. Angalia walichothibitisha. Kuna watu wanauza cheti cha ISO 26000 na ISO 31000 kwa makampuni. Hivyo ni miongozo, havikuandikwa ili mtu athibitishwe navyo. Mtoa cheti akiwa navyo kwenye bei zake, huhitaji hata kufungua orodha ya IAF. Na toleo: juzi nimeona cheti cha ISO/IEC 27001:2013 kinachoisha 2027, wakati muda wa kuhamia toleo la 2022 uliisha tarehe 31 Oktoba 2025. Anayeandika hivyo anatumia tu karatasi yake ya zamani, habari za kiwango hana.

NeemaManunuzi
Nimerudi na habari. Nimeingia iafcertsearch.org, kanzidata ya IAF ya vyeti, nimetafuta jina la mzabuni na la mtoa cheti, hakuna. Pia nilimwandikia mtoa cheti nikiomba anithibitishie upeo wa cheti, tarehe za hatua ya kwanza na ya pili, na jina la aliyefanya uamuzi. Kanijibu ndani ya dakika kumi. Hajajibu swali hata moja, ila kaambatisha orodha ya bei na kusema kampuni yetu tukichukua viwango vitatu tutapewa cha nne bure 🤣

pita_njia
Cha nne bure! Bila shaka 26000.

MkaguziMkongwe
Kwenye CertSearch kutokuonekana peke yake usikufanye hukumu, kuna vyeti halali ambavyo havijaingizwa au jina limeandikwa tofauti kidogo. Lakini la barua limetosha. Mtoa cheti mwenye ithibati akiulizwa kama cheti fulani ni hai, kwa nani, kwa kiwango gani na upeo gani, anatakiwa kujibu. Hizo tarehe na jina angeweza kukunyima. Uhai wa cheti hawezi.

NeemaManunuzi
Bosi nimemwonyesha, hasa ile hesabu ya siku 5 na ile barua. Kanyamaza kidogo, kisha akauliza: mzabuni ni mtu wetu wa siku nyingi na kazi yake ni nzuri, hawezi tu kukihamishia hicho cheti kwa mtoa cheti mwenye ithibati ili asipoteze zabuni?

HalimaUbora
Haiwezekani. Kuhamisha kuna waraka wake, IAF MD 2, na kinachohamishika ni cheti kilichotolewa chini ya ithibati ya mtu aliyesaini makubaliano. Chake hakina hiyo. Ataanza upya, hatua ya kwanza kisha ya pili. Akikuta mtoa cheti anayemwambia "lete hicho tukibadilishe jina la juu tu", amerudi pale pale.

Na umwambie mapema asitegemee kumaliza kabla zabuni haijafungwa. Hatua ya kwanza itamkuta hana kumbukumbu za ukaguzi wa ndani wala kikao cha menejimenti cha kupitia mfumo, na hivyo havitengenezwi wiki moja. Kama kanuni zenu zinaruhusu, ombeni nyinyi wenyewe mkamkague karakana yake kwa zabuni hii, mwaache cheti pembeni.

NeemaManunuzi
Kanuni zinaruhusu, ila sharti liwe limeandikwa kwenye tangazo la zabuni, na halikuandikwa. Naenda kumuuliza mwanasheria kesho. Kuna aliyewahi kupita hapo?